Hisabu za Kiwanjani: Mwongozo kwa Msimamizi wa Ujenzi wa Madarasa Mawili Mitundu

Mwaka 2021, Serikali ya Tanzania ilipotenga sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kwa ajili ya kujenga madarasa 15,000 nchi nzima, yaani 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, kila darasa la sekondari lilikadiriwa kwa shilingi milioni 20, na kazi ile iliangukia mikononi mwa wakuu wa shule, watendaji wa vijiji na wajumbe wa kamati ambao wengi wao hawakuwahi kabla ya hapo kusimamia hata ujenzi wa kibanda. Njia iliyotumika ni ile iitwayo fosi akaunti, ambayo taasisi hainunui jengo zima kwa mkandarasi, bali hununua vifaa yenyewe, huajiri mafundi wa karibu, na husimamia yenyewe chini ya uangalizi wa mhandisi wa halmashauri. Njia hii ingali ikitumika, na huenda siku yoyote ikabisha hodi mlangoni kwako. Basi mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako wewe uliyekabidhiwa dhamana hiyo katika kata ya Mitundu, halmashauri ya Itigi, wilaya ya Manyoni, mkoa wa Singida, ili ujue namna ya kuweka hisabu za fedha, za siku, za watu na za usalama, hata mgeni atakayefika kiwanjani bila taarifa aweze kuziamini.

Nitachukua mradi wa mfano, nao ni madarasa mawili yaliyoungana, kila moja lenye urefu wa mita 9 na upana wa mita 7, kwa jumla ya shilingi milioni 40. Bei nitakazozitaja ni za mfano huu. Za kwako utazichukua kutoka soko la Itigi au Singida wiki ile ile unayonunua, kupitia mfumo wa manunuzi wa NeST kama taratibu zinavyoagiza. Lakini vipimo havibadiliki kwa soko, na katika vipimo ndimo ilimo siri yote ya kazi hii: kila tarakimu utakayoiandika katika daftari lako iwe imefungwa na kitu ambacho mtu anaweza kukihesabu kwa macho yake kiwanjani, kiwe ni tofali, mfuko wa saruji, dumu la maji au mtu aliyesimama pale asubuhi.

Anza kwa kugawa fedha. Katika milioni 40, vifaa vya ujenzi vichukue milioni 28, pamoja na usafiri wake hadi kiwanjani; ufundi uchukue milioni 8; maji shilingi 900,000; usalama shilingi 600,000; na dharura milioni 2.5. Watu wengi hushangaa kuona maji yana fungu lake, wakidhani kuwa ni jambo la wanakijiji kujitolea, ilhali katika nchi kame kama ile, maji ndiyo mara nyingi yanayosimamisha kazi. Zege, matofali, udongo wa kujengea, plasta na kumwagilia kwa wiki nzima hutaka kiasi cha lita 30,000 katika jengo la kadiri hii, nazo ni madumu 1,500 ya lita 20; kwa shilingi 600 kila dumu lililofikishwa kiwanjani, hiyo ndiyo laki tisa. Ikiwa wananchi watachota wenyewe kama mchango wao, andika madumu yao na thamani yake katika daftari la nguvu za wananchi, kwa sababu mchango usioandikwa hupotea katika hisabu, na mwaka wa pili mwenye kupanga bajeti ataamini kuwa jengo kama lile halihitaji fedha ya maji.

Baada ya fedha, hesabu vitu. Kuta za madarasa haya mawili, pamoja na ule ukuta wa katikati, zina urefu wa kiasi cha mita 58. Ukitoa milango na madirisha, eneo la kujengwa juu ya jamvi ni yapata mita za mraba 135, nalo litakula matofali ya inchi 6 takriban 1,290, pamoja na yatakayovunjika. Na ukuta wa msingi, ambao matofali hulazwa ili upate unene, utataka kama 710. Jumla ni matofali 2,000. Zege la msingi, la jamvi, na la mkanda wa juu ya kuta litafika meta za ujazo 21 na ziada kidogo, na kwa mifuko sita na nusu kwa kila meta ya ujazo utahitaji mifuko isiyopungua 139. Ukiongeza ya matofali, ya kujengea, ya plasta na ya sakafu, jengo zima litataka mifuko 330 hivi, ambayo kwa shilingi 20,000 kila mmoja ni milioni 6.6.

Hapa ndipo ninapokuomba utulie, maana fitina kubwa ya majengo yetu imo katika tofali. Tofali la inchi 6 lina urefu wa sentimita 45, kimo sentimita 23 na upana sentimita 15. Kwa hiyo ujazo wake ni lita 15 na nusu. Mfuko wa saruji wa kilo 50 una ujazo wa lita 35. Ikiwa mchanganuo wa mhandisi unataka sehemu moja ya saruji kwa sehemu nane za mchanga, basi mfuko mmoja huenda na lita 280 za mchanga, na kwa kuwa saruji hujificha katika mianya ya mchanga, mchanganyiko ule ukishindiliwa hauwezi kuzidi sana lita 280 zenyewe. Gawa kwa 15 na nusu, utapata matofali 18. Fundi anayekuambia kwa majivuno kuwa yeye hutoa matofali 30 kwa mfuko mmoja hana ustadi wa ziada; amekwisha kukiri kuwa mchanganyo wake ni kama moja kwa 13, na tofali lake litasimama kiwanjani kama tofali jingine lolote mpaka siku litakapobebeshwa mkanda, kenchi na bati.

Tazama jinsi hisabu hii inavyofanya kazi. Mradi wetu wa mfano umeanza tarehe 1 Agosti. Mashine ya kufyatulia inatoa matofali 170 kwa siku, na jioni ya siku ya nne ya kazi yamepangwa chini ya turubai matofali 680. Mtunza stoo anafungua daftari lake na kukuonyesha kuwa ametoa mifuko 22 kwa kazi hiyo. Msimamizi asiyejua atafurahi, akiona kuwa saruji inatumika kwa uangalifu. Wewe utagawa 680 kwa 18 na kuona kuwa mifuko ilipaswa kuwa 38, na utagawa 680 kwa 22 na kuona kuwa kila mfuko umetoa matofali 31. Hapana haja ya kumtuhumu mtu kwa wizi. Huenda mfyatuaji alizoea kupima mchanga kwa toroli iliyojazwa kilima badala ya sanduku la kipimo. Kwaruza tofali lililokauka kwa msumari: likimomonyoka kama mchanga wa pwani, na pembe zake zikivunjika kwa kidole, hisabu yako imethibitika. Vipimo vya maabara vya mhandisi ndivyo vitakavyotoa hukumu ya mwisho, na haikupasi kujenga kabla ya hukumu hiyo.

Ukiyakataa matofali hayo 680, umepoteza saruji ya shilingi 440,000 na mchanga na ujira wa kama 240,000, yaani shilingi 680,000, ambazo utaziandika wazi katika dharura, na dharura itabaki na shilingi 1,820,000. Maumivu hayo ni madogo. Matofali hayo hayo yakigunduliwa ukuta umekwisha kupanda, hakuna fungu la dharura litakalotosha, na aghalabu watu hupaka plasta wakanyamaza. Kwa ajili hiyo nasema saruji ihesabiwe dhidi ya tofali kila jioni, si kila mwezi. Na masanduku ya kupimia mchanga yatengenezwe kabla ya mfuko wa kwanza kufunguliwa.

Sasa tuje kwenye siku. Mvua za Singida ni za msimu mmoja, nazo huanza kwa kawaida mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili. Zikianza, barabara ya udongo hulegea, lori la kokoto huchelewa au hukwama, na zaidi ya yote vibarua wako huondoka, kwa sababu kila mmoja wao ni mkulima na hapana ujira utakaomzuia asilime shamba lake. Kwa hiyo tarehe yako ya kumaliza haipangwi na mkubwa yeyote. Hupangwa na wingu. Mradi wa siku 84 ulioanza tarehe 1 Agosti utakwisha tarehe 23 Oktoba, ukibakiza mwezi mzima wa akiba kabla ya mvua, na akiba hiyo uilinde kama unavyoilinda fedha.

Mpango wenyewe uende hivi: siku 16 za mwanzo ni za kufyatua matofali, kuchimba msingi na kumwaga zege lake, kuanzia siku ya 17 hadi ya 30 ukuta wa msingi unajengwa, kifusi kinashindiliwa, dawa ya mchwa inapigwa na jamvi linamwagwa, siku ya 31 hadi ya 42 ni za kuta na mkanda wake, wiki moja hupita mkanda ukinyweshwa maji huku seremala akitengeneza kenchi chini, kisha paa hadi siku ya 62, plasta na sakafu hadi ya 77, na wiki ya mwisho ni ya milango, madirisha na rangi. Angalia kuwa matofali yaliyokataliwa hayakuchelewesha mradi huu hata siku moja. Yale yaliyofyatuliwa upya kuanzia siku ya tano yalipata umri wa zaidi ya wiki moja kufikia siku ya 17, na ukuta wa msingi ulitaka 710 tu, ilhali matofali ya kuta za juu hayakuhitajika mpaka siku ya 31. Msimamizi anayejua kazi ipi inaweza kusubiri na ipi haiwezi hatahangaika ovyo. Lakini zege la jamvi likichelewa siku nne, kila kitu kilicho nyuma yake kitachelewa siku nne.

Katikati ya mradi, siku ya 42, mtu atakuja kukuuliza umefika wapi, nawe utashawishika kujibu kuwa umetumia milioni 21 kati ya 40, kwa hiyo umepita nusu. Jibu hilo si sahihi, na limewaponza wengi. Fanya hivi: gawa thamani ya jengo, bila dharura, kwa hatua zake. Katika mfano wetu msingi na jamvi ni milioni 10.5, kuta na mkanda milioni 9, paa milioni 9.5, plasta na sakafu milioni 5, na umaliziaji milioni 3.5, na jumla yake ni milioni 37.5. Kwa mpango, siku ya 42 ilipaswa kukuta msingi na kuta vimekamilika, yaani kazi ya milioni 19.5. Ukizunguka jengo ukahesabu, unakuta msingi umekamilika lakini kuta zimefika robo tatu. Basi kazi iliyosimama ni milioni 10.5 na milioni 6.75, jumla milioni 17.25. Upungufu ni milioni 2.25, nao ni robo ya kazi ya kuta iliyopangiwa siku 12. Kwa hiyo umechelewa siku tatu, wala si zaidi.

Na zile milioni 21 je, zimeliwa? Nenda stoo kabla hujaogopa. Humo mna bati na mbao za paa zenye thamani ya milioni 3.5, ulizozinunua mapema kwa hekima ili usikutwe na kupanda kwa bei. Ukizitoa, fedha zilizoingia katika kazi iliyosimama ni milioni 17.5, dhidi ya kazi ya milioni 17.25, na tofauti ya shilingi 250,000 ni ndogo, ingawa yafaa utafute ilikotokea. Shilingi 680,000 za matofali usizichanganye hapa, kwani zimekwisha kuandikwa peke yake katika dharura. Taarifa ya namna hii ina mistari minne tu, yaani kazi iliyopangwa, kazi iliyosimama, fedha iliyotumika na mali iliyomo stoo, nayo humtosheleza mkaguzi kuliko kurasa thelathini za sifa.

Ukishajua kuwa umechelewa siku tatu, jihadhari na tamaa ya kuzirudisha kwa usiku mmoja. Fundi mkuu atakuja na rai ya kufungua shata za mkanda siku ya pili badala ya kungoja, na kupandisha kenchi juu ya zege bichi, umkatalie. Una mwezi wa akiba mbele ya mvua, na siku tatu ni kitu kidogo katika akiba hiyo. Majengo na watu huumia zaidi katika siku za haraka kuliko katika siku za uvivu.

Hapo tumeingia katika usalama, ambao Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 imeuweka chini ya mwajiri, na katika fosi akaunti mwajiri ni taasisi yako, yaani wewe ndiwe utakayeulizwa. Kikosi cha mfano wetu kina watu 14: fundi mkuu, mafundi wanne, vibarua saba, mtunza stoo na mlinzi. Fungu la shilingi 600,000 linatosha kofia ngumu 14 kwa shilingi 12,000, buti 14 kwa shilingi 20,000, jozi 14 za glavu kwa shilingi 4,000, sanduku la huduma ya kwanza la shilingi 60,000, na kamba imara za shilingi 36,000 kwa watakaokuwa juu ya paa. Glavu si anasa: saruji mbichi huunguza ngozi taratibu, na mtu hajui kuwa ameungua mpaka jioni.

Orodhesha mahudhurio kila asubuhi kwa jina na sahihi, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni malipo. Ya pili ni kwamba siku mtu akianguka, jina lake likiwa halimo, wewe na yeye mtapata taabu kubwa kuthibitisha kuwa alikuwa kazini, na fidia kutoka Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi itakuwa mashakani. Kibarua wa siku mbili aliyekuja kushusha mawe aandikwe kama anavyoandikwa fundi mkuu.

Kisha kuna daftari la ajali, na juu ya hilo nina neno moja ambalo wasimamizi wengi hawalipendi. Makampuni makubwa hupima usalama kwa idadi ya majeruhi katika saa milioni moja za kazi. Watu wako 14, kwa saa 8 kwa siku, kwa siku 72 za kazi, watafanya saa 8,064 tu; mtu mmoja akivunjika mkono, kipimo kile kitakuambia majeruhi 124 kwa saa milioni, na asipoumia mtu kitakuambia sifuri. Tarakimu zote mbili hazina maana katika kiwanja kidogo. Kilicho na maana ni ajali nusura: tofali lililodondoka kutoka jukwaani pasipo mtu chini, mrunda wa jukwaa uliolegea kamba, msumari uliochoma buti ukaishia katika soli, ukingo wa mtaro uliobomoka usiku. Kiwanja cha watu 14 kwa wiki 12 kitazaa mambo kama hayo kwa hakika, na ikiwa daftari lako lina sifuri kutoka mwanzo hadi mwisho, atakayelisoma atajua kuwa halikuandikwa. Andika tarehe, mahali, kilichotokea na kilichofanywa. Utakapoona kamba ya jukwaa imelegea mara tatu katika wiki mbili, huhitaji mtaalamu wa kukuambia kuwa kamba zile zibadilishwe kabla ya kupanda paa, ambako ndiko mtu huanguka.

Malipo ya ufundi yafuate hatua, wala si wiki: katika milioni 8, toa milioni 2 msingi na jamvi vikikamilika, milioni 2 kuta na mkanda, milioni 1.6 paa, milioni 1.6 plasta na sakafu, na shilingi 800,000 za mwisho baada ya makabidhiano. Lakini usiwasahau vibarua ambao fundi mkuu huwalipa mwenyewe kutoka katika fungu hilo. Makubaliano yawataje, na kabla hujatoa hatua ya pili omba karatasi yenye sahihi zao kuwa hatua ya kwanza imewafikia, kwani kibarua asiyelipwa huacha kazi kimya kimya, na msimamizi huiona athari yake katika daftari la siku kabla hajaisikia kwa masikio.

Kamati ya mapokezi nayo isipokee lori lolote gizani. Kokoto hupimwa gari likiwa halijamwaga, kwa urefu, upana na kina cha bodi yake. Nondo hupimwa unene kwa kipimo, kwa maana nondo ya milimita 12 inayotimia 10 tu si jambo la nadra. Mbao hutazamwa dawa. Kitu kilichopungua kiandikwe palepale katika hati ya kupokelea mbele ya dereva, na malipo yapunguzwe kwa kadiri hiyo.

Tarehe ya makabidhiano ikifika, hesabu kilichobaki stoo, kiorodheshe, na kikabidhiwe shule kwa maandishi, hata kama ni mifuko mitatu ya saruji na bati mbili. Shilingi 800,000 za mwisho zishikiliwe hadi mvua ya kwanza kubwa, ikiwa makubaliano uliyotiliana sahihi na fundi mwezi Agosti yamesema hivyo. Na yaseme, kwa sababu paa lililopigwa misumari Septemba halijajaribiwa na mtu yeyote. Asubuhi baada ya mvua hiyo ingia madarasani ukiwa na fundi mkuu, mtazame pembe za dari, vichwa vya madirisha na mguu wa ukuta wa upande wa upepo, mwandike kila alama ya unyevu, na mpange siku ya kuziba panapovuja kabla hamjatia sahihi za mwisho.